Kabla ya Kuruka Kumi Kumi, Soma Orodha

Kijiji kina kaya 600. Majina ya wakuu wa kaya hizo yako kwenye daftari la ofisi ya mtendaji, yamepangwa ubalozi kwa ubalozi: nyumba kumi za balozi wa kwanza, kisha kumi za balozi wa pili, hadi ubalozi wa 60. Umetumwa kujua ni kaya ngapi zina bima ya afya, na fedha ya posho na mafuta ya pikipiki inatosha kutembelea kaya 60 tu. Utazichagua vipi?

Wengi waliozoea kazi hii watajibu bila kusita. Gawanya 600 kwa 60, upate 10. Chagua kwa bahati namba moja kati ya 1 na 10, anzia hapo, kisha ruka kumi kumi mpaka mwisho wa daftari. Ukianzia ya 4, utachukua kaya ya 4, ya 14, ya 24, hadi ya 594. Hii ndiyo sampuli ya mfumo. Inafanyika kwa kalamu na daftari, na msimamizi akija anaweza kuihakiki kwa dakika chache. Tafiti kubwa nazo huitegemea. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa Tanzania wa mwaka 2022 uliteua maeneo 629, ukaorodhesha kaya za kila eneo, kisha ukachukua kaya 26 katika kila eneo kwa njia hii. Kenya, mwaka huohuo, ilipanga maeneo 1,692 na kaya 25 katika kila moja.

Hata hivyo, katika daftari letu njia hiyohiyo inaweza kuleta jibu lililopotoka vibaya, na hesabu za mwisho zisionyeshe dalili yoyote ya kasoro. Chanzo chake kiko kwenye mpangilio wa majina.

Balozi yuko wapi kwenye orodha?

Mfumo wa nyumba kumi ulianzishwa na TANU miaka ya 1960, na katika vijiji vingi vya Tanzania mabalozi wapo hadi leo. Anayeandika majina ya ubalozi kwa kawaida huanza na balozi mwenyewe, kisha majirani zake. Kwa hiyo kwenye daftari letu balozi ni wa 1, wa 11, wa 21, na kuendelea. Hatua yetu ni 10, na balozi naye hujitokeza kila baada ya 10.

Tuseme mabalozi wote 60 wana bima, kwa sababu wao ndio waliohamasisha watu na ilibidi watangulie. Katika kaya nyingine 540, tuseme robo, yaani 135, zina bima. Jumla ni kaya 195 kati ya 600, sawa na asilimia 32.5. Hilo ndilo jibu la kweli ambalo mtafiti hajalijua bado. Tuseme pia kwamba bima zile 135 zimegawanyika sawasawa, hata kila nafasi ya ubalozi, kuanzia ya pili hadi ya kumi, ina kaya 15 zenye bima kati ya 60.

Sasa tazama sampuli zinazowezekana. Ziko kumi tu, moja kwa kila namba ya kuanzia. Ukianzia ya 1, unatembelea mabalozi 60 na hakuna mwingine, na unaandika kwamba asilimia 100 ya kaya zina bima. Ukianzia namba yoyote kati ya 2 na 10, hukutani na balozi hata mmoja, na unaandika asilimia 25. Hakuna namba ya kuanzia inayokupa asilimia 32.5, wala inayolikaribia zaidi ya pointi 7.5.

Ukichukua wastani wa majibu hayo kumi, yaani 100 mara moja na 25 mara tisa, unapata 32.5 kamili. Kwa lugha ya wanatakwimu, njia hii haina upendeleo, kwa kuwa kila kaya ina nafasi moja katika kumi ya kuchaguliwa. Lakini wewe utaifanya mara moja tu, na mtawanyiko wa majibu hayo kumi ni pointi 22.5 kwa kipimo cha mkengeuko sanifu. Usawa wa nafasi kwa kila kaya, ambao ndio sifa inayotajwa mara nyingi, haukutosha kutupa jibu la kuaminika.

Kuchanganya majina

Njia ya pili ni sampuli nasibu rahisi. Kila kaya inapewa namba yake, kuanzia 001 hadi 600, kisha namba 60 zinachotwa kwa kura bila kurudishwa. Zamani kazi hii ilifanywa kwa vikaratasi au jedwali la namba nasibu. Leo kompyuta ya ofisi inatosha: kando ya kila jina unaandika `=RAND()`, unazigandisha namba zilizotokea ili zisibadilike tena, unapanga orodha yote kwa kufuata namba hizo, kisha unachukua majina 60 ya juu. Ukitumia `=RANDBETWEEN(1,600)` mara 60, kaya moja inaweza kutokea mara mbili, na itakubidi uchote nyingine.

Tofauti kubwa kati ya njia hizi ni idadi ya sampuli zinazoweza kutokea. Sampuli ya mfumo ilikuwa na kumi. Sampuli nasibu rahisi ina nyingi kiasi kwamba idadi yake ina tarakimu zaidi ya 80, na kila moja ina nafasi sawa na nyingine. Kundi lolote la kaya 60 laweza kutokea. Kaya ya 14 na ya 15 zaweza kuchaguliwa pamoja, jambo lisilowezekana kamwe ukiruka kumi kumi. Kwa sababu hiyo mabalozi huingia kwa kiasi kinachokaribia uwiano wao: kwa kawaida wanne, watano, sita au saba hivi kati ya 60. Mtawanyiko wa majibu hushuka kutoka pointi 22.5 hadi pointi 5.7.

Wala hulazimiki kuacha kuruka. Tatizo lilikuwa hatua kulingana na mzunguko wa orodha, kwa hiyo unaweza kuvunja ulinganifu huo. Waweza kuchanganya majina kwanza, ndipo uruke. Hapo sampuli ya mfumo inakuwa sawa na sampuli nasibu rahisi. Waweza pia kuwatoa mabalozi kwenye orodha yao, ukachota sita kati ya 60, kisha 54 kati ya kaya 540 zilizobaki. Njia hii ya mwisho ni nzuri zaidi hapa, kwa sababu inahakikisha mabalozi wamo kwa uwiano wao halisi.

Mpangilio unapokuwa msaada

Ningemkosea msomaji nikimwacha aamini kwamba kuruka ni vibaya siku zote. Chukua kijiji kilekile, lakini daftari lipangwe kwa vitongoji: vitongoji sita vyenye kaya 100 kila kimoja, kuanzia kilicho jirani na zahanati hadi kilicho mbali kabisa ng'ambo ya mto. Ndani ya kila kitongoji, majina hayafuati ubalozi. Ni jambo la kawaida kwamba walio karibu na zahanati hukata bima kwa wingi, na kadiri unavyokwenda mbali idadi hupungua.

Ukiruka kumi kumi kwenye orodha hii, kila kitongoji kitatoa kaya 10 kamili. Walio karibu na walio mbali wote wanawakilishwa kwa uwiano wao bila wewe kupanga lolote zaidi. Ukipiga kura tupu, kila kitongoji kitatoa kaya 10 kwa wastani, lakini si ajabu kimoja kikatoa 6 na kingine 14. Ikitokea kilichotoa 14 ndicho kilicho jirani na zahanati, jibu lako litapanda bila sababu. Hapa kuruka kunashinda kura, kwa maana kunaondoa aina moja ya bahati mbaya.

Hii ndiyo sababu tafiti za kitaifa hupenda mfumo huu. Orodha zao hupangwa kwa kufuata njia ambayo waorodheshaji walipita mtaani, nyumba baada ya nyumba. Majirani hufanana, na hatua ndefu hutenganisha majirani. Wanatakwimu William na Lillian Madow walichapisha nadharia ya jambo hili mwaka 1944, na William Cochran akaiendeleza mwaka 1946. Kiini chake chaweza kusemwa kwa maneno machache: sampuli ya mfumo ni nzuri pale kaya zinazoingia pamoja kwenye sampuli moja zinapotofautiana sana, na mbaya zinapofanana. Mabalozi 60 walifanana. Kaya zilizotawanyika kutoka zahanati hadi ng'ambo ya mto zinatofautiana.

Kuna kosa jingine dogo linalotokea sana. Tuseme unataka kaya 45. Gawanya 600 kwa 45, unapata 13.33. Wengi hukata desimali, wakaruka kwa 13 na kuacha kuchagua wakishapata 45. Lakini 13 mara 45 ni 585, kwa hiyo kaya 15 za mwisho wa daftari hazina nafasi kabisa, na mara nyingi mwisho wa daftari ndiko kuliko na wageni waliohamia karibuni. Tiba yake ni kutunza desimali. Chagua mwanzo wa bahati kati ya 0 na 13.33, uwe na desimali zake, tuseme 5.20, kisha uongeze 13.33 kila mara: 5.20, 18.53, 31.86. Kila jibu lipandishe hadi namba kamili inayofuata: kaya ya 6, ya 19, ya 32. Utafika mwisho wa orodha ukiwa na 45.

Kosa lisiloonekana

Baada ya kutembelea kaya, kila ripoti nzuri hutaja jibu pamoja na ukingo wa makosa, yaani jibu la kweli laweza kuwa juu au chini kwa kiasi gani. Kanuni ya kawaida ya kukokotoa ukingo huo inadhani namba zilichotwa kwa kura. Inatazama tu jinsi kaya ulizozitembelea zinavyotofautiana, haijui ulizipataje.

Irudie sampuli iliyoanzia ya 1. Kaya zote 60 zina bima, kwa hiyo hazitofautiani hata kidogo, na kanuni itakwambia ukingo wa makosa ni sifuri. Utaandika asilimia 100 bila shaka yoyote, ilhali umepotoka kwa pointi 67.5. Anayeanzia ya 4 naye atapata asilimia 25 na ukingo wa pointi 11 hivi, unaoonekana wa kawaida kabisa. Hakuna kitu ndani ya namba zake kitakachomwambia kwamba hakumwona balozi hata mmoja. Sampuli moja ya mfumo, kwa kweli, ni kundi moja lililochaguliwa kati ya makundi kumi, na kutokana na kundi moja huwezi kujua makundi mengine tisa yangesema nini.

Mtakwimu wa Kihindi P. C. Mahalanobis alishughulikia tatizo la aina hii katika tafiti zake za mashamba ya juti huko Bengali miaka ya 1930, kwa kugawa sampuli katika vipande vinavyojitegemea ili vipimane. Kwa kijiji chetu, ungeweza kuchota namba sita za kuanzia kati ya 1 na 60, na kwa kila moja ukaruka 60. Kila mwanzo unatoa kaya 10, na jumla ni 60. Sasa una majibu sita badala ya moja, na tofauti kati yake ndiyo kipimo cha kweli cha makosa. Jibu moja likija 10 kati ya 10 na mengine yakiwa 2 au 3, utajua kuna kitu kwenye orodha. Hata hivyo, karibu nusu ya nyakati hakuna hata mwanzo mmoja kati ya sita utakaoangukia nafasi ya balozi. Kwa hiyo kinga ya kwanza inabaki kulisoma daftari kwa macho yako, na kumwuliza aliyeliandika alifuata utaratibu gani.

Faida ya kuona sehemu kubwa

Sasa tuchukulie kwamba kura ilipigwa vizuri. Linabaki swali ambalo wengi hulijibu kinyume: je, kaya 60 ni nyingi au chache? Watu hupenda kusema lazima uchukue asilimia 10. Lakini usahihi unategemea zaidi ni kaya ngapi umezitembelea kuliko ni sehemu gani ya zote. Kwa nchi nzima yenye mamilioni ya kaya, watu 400 waliochotwa kwa kura safi hutoa ukingo wa takriban pointi 5. Kwa mkoa mmoja, ni karibu vilevile.

Orodha ikiwa fupi, hata hivyo, mambo hubadilika, na hapo ndipo huingia kirekebishi cha idadi yenye kikomo. Sababu yake ni nyepesi. Ukitembelea kaya 235 kati ya 600, kuhusu hizo 235 hubahatishi tena, unajua. Shaka yako imebaki kwenye kaya 365 ambazo hujazifikia. Ukizitembelea zote 600, shaka inakwisha, na ukingo wa makosa wa sampuli lazima uwe sifuri. Kanuni ya kawaida haijui hivyo, kwa kuwa inadhani orodha haina mwisho. Ili kuisahihisha, unazidisha ukingo kwa kipeuo cha pili cha sehemu ambayo hujaiona:

```
ukingo mpya = ukingo wa kawaida × √(1 − n/N)
```

Hapa n ni kaya ulizochota, na N ni kaya zote za orodha. Kwa 60 kati ya 600, sehemu isiyoonekana ni 0.9, na kipeuo chake ni 0.95. Ikiwa kaya 20 kati ya 60 zina bima, ukingo unashuka kutoka pointi 12.0 hadi 11.4. Hiyo ni nafuu ndogo. Kwa 235 kati ya 600, sehemu isiyoonekana ni 0.61 na kipeuo chake ni 0.78. Theluthi yao wakiwa na bima, ukingo unashuka kutoka pointi 6.0 hadi 4.7. Desturi ya wanatakwimu ni kuliacha rekebisho hili ikiwa umechota chini ya asilimia 5 ya orodha, kwa sababu halibadilishi kitu cha maana.

Mahesabu hayohayo husaidia kabla ya kwenda uwandani. Ukitaka ukingo wa pointi 5 kwa uhakika wa asilimia 95, na hujui lolote kuhusu jibu, orodha isiyo na mwisho hudai watu 385. Kwa orodha ya watu 60,000 unahitaji 382. Kwa kaya 600 zinatosha 235. Kwa orodha ya watu 120 unahitaji 92, yaani zaidi ya robo tatu yao. Ona jinsi sheria ya asilimia 10 inavyoshindwa kote kuwili: ingekudai watu 6,000 pasipo haja kwenye orodha kubwa, na ikupe 12 tu kwenye orodha ndogo.

Wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu wanalijua rekebisho hili kwa sura nyingine. Kanuni ya Taro Yamane, inayoonekana kwenye tasnifu nyingi, hugawa N kwa 1 + N × e². Kwa kaya 600 na e ya 0.05, ni 600 kugawa kwa 2.5, yaani 240. Ndani yake kumejificha kirekebishi kilekile, ila kimeanzia 400 badala ya 385 kwa kuwa kimekadiria 1.96 kuwa 2. Mwanafunzi anayeitumia, kisha akachagua watu 240 aliowakuta sokoni, ametumia nusu ya kanuni. Namba hiyo ina maana pale tu watu walipochotwa kwa kura kutoka kwenye orodha.

Mahali ambapo kirekebishi hakifai

Kirekebishi hiki kina mipaka miwili. Wa kwanza ni kwamba kinapunguza kosa la bahati peke yake. Hakiwaoni waliosahaulika kwenye daftari, wala waliokuwa shambani ulipobisha hodi, wala balozi aliyerukwa kwa sababu ya hatua ya kumi. Kwa sampuli ya mabalozi 60, ukingo wa sifuri ukizidishwa kwa 0.95 unabaki sifuri. Kwa sampuli nyingine zenye kasoro, kirekebishi hufanya jibu baya lionekane la uhakika zaidi.

Mpaka wa pili unategemea swali lako. Mtakwimu W. Edwards Deming alitenganisha tafiti zinazohesabu kilichopo na zile zinazotafuta sababu. Halmashauri ikiuliza ni kaya ngapi za kijiji hiki zina bima leo, ili ipange dawa za zahanati, jibu linahusu kaya hizi 600 tu, na kirekebishi ni halali yako. Ukiuliza kama elimu ya mama huongeza uwezekano wa kukata bima, unazungumzia jambo linalotarajiwa kuwa kweli mwakani na katika vijiji vingine. Hapo hata ukiwa umetembelea kaya zote 600, bado una mfano mmoja wa jambo pana zaidi, na kuweka ukingo wa sifuri kungekuwa kudai ujuzi usionao.

Kwa hiyo ripoti ya uchunguzi kama huu inapaswa kusema wazi mambo manne: orodha ilikuwa na majina mangapi, ilipangwa kwa utaratibu gani, hatua na namba ya kuanzia zilikuwa zipi au kura ilipigwaje, na kama ukingo wa makosa umerekebishwa kwa kikomo cha orodha. Yanaingia kwenye aya moja. Aliyenayo mkononi, pamoja na daftari lenyewe, anaweza kuzipata upya kaya zilezile, kuhesabu ni mabalozi wangapi walioingia, na kuamua mwenyewe kama asilimia iliyoandikwa ni ya kijiji kizima au ya sehemu yake.